Sura haina tarehe moja

Juma hili, baada ya darsa, nimeulizwa tena kwa nini Masahaba "walivuruga" mpangilio wa Kurani, na kwa nini tusichapishe msahafu unaoanza na Suratul Alak ili tufuate mambo yalivyoteremka. Muulizaji hudhani kwamba kila sura ilishuka nzima kwa siku yake, kama barua, kisha mtu akazipanga barua hizo kwa urefu.

Suratul Alak yenyewe inamkanusha. Aya zake 5 za mwanzo ndizo za pango la Hira, lakini mbele yake anatajwa mtu anayemkataza mja anaposali, ambaye wafasiri wanasema ni Abu Jahli, na hayo yalitokea baadaye. Bakara ndiyo ngumu zaidi. Kibla kilibadilishwa kiasi cha miezi 16 au 17 baada ya Hijra, ilhali Ibn Abbas anaihesabu aya ya riba, iliyo karibu na mwisho wa sura hiyohiyo, kuwa miongoni mwa za mwisho kabisa kushuka. Sasa Bakara tuiweke mwaka gani? Anayetaka tarehe hana budi kuikatakata sura, na aya ndani ya sura ziliwekwa kwa maelekezo ya Mtume mwenyewe.

Huo urefu nao usichukuliwe kama rula. Fatiha ina aya 7 na ndiyo ya kwanza. Anfal, yenye aya 75, imetangulia Tawba yenye 129, na Tawba haina Bismillahi. Katika riwaya ya Tirmidhi, Ibn Abbas alimuuliza Uthman sababu, naye akajibu kwamba habari za sura hizo mbili zilifanana, na Mtume alifariki bila kuwabainishia kama Tawba ni sehemu ya Anfal. Kwa miaka mingi niliisomesha riwaya hii bila kutaja kwamba sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, imetiliwa shaka na wanazuoni, jambo ambalo sikupaswa kulificha, kwa kuwa ndiyo tegemeo kubwa la wanaosema kwamba sura zilipangwa kwa ijtihadi, yaani rai, ya Masahaba. Wanaosema mpangilio wote ulitoka kwa Mtume nao wana la kujibu: Hudhaifa, katika Sahihi Muslim, anasimulia kwamba alisali nyuma ya Mtume usiku, naye akasoma Bakara, kisha Nisaa, kisha Aali Imran, ilhali katika msahafu wetu Aali Imran ndiyo inayotangulia Nisaa. Wao husema kusoma si kupanga. Mimi bado sijaridhika na upande wowote.

Msahafu unaonasibishwa na Sahaba Ibn Masud nao uliitanguliza Nisaa, na ukienda kutoka sura ndefu hadi fupi, si kwa tarehe. Ukihesabu aya utaona Aali Imran ina 200 na Nisaa 176. Ukihesabu maneno, Nisaa ndiyo ndefu zaidi.