Ukizunguka kiwanja, unageuka mara moja tu

*Poligoni ikiongezewa pande, jumla ya pembe za ndani inapanda tu: 180, 360, 540. Kwa nini za nje hazipandi, zinang'ang'ania 360?*

Kwanza tukubaliane pembe ya nje ni ipi, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona kona ya ndani ina nyuzi 90, wanatoa kwenye 360, wanapata 270, wanasema hiyo ndiyo ya nje. Kwa mraba wanajikuta na 1,080, na wakiongeza pande jumla inapanda kweli. Hesabu yao haina kosa. Kosa ni kitu walichopima. Pembe ya nje haimaanishi nafasi yote iliyobaki nje ya kona. Refusha upande mmoja upite kona, kisha pima kutoka kwenye urefusho huo hadi upande unaofuata. Kwa mraba ni nyuzi 90, na nne zinaleta 360.

Cha ajabu, mpima ardhi akizungusha theodolaiti, chombo chake cha kupimia pembe, upande wa nje wa mipaka, anasoma zile kubwa, za 270. Yeye anajua kwamba jumla yake lazima iwe idadi ya kona kujumlisha 2, mara 180. Kwa kiwanja cha kona sita ni 1,440, ilhali za ndani ni 720. Kwa hiyo jumla ikitoka 1,440 wakati alikusudia za ndani, anajua mara moja alisoma upande usio wake.

Sasa chukua kiwanja cha bikoni sita, yaani alama sita za kona za mpaka, kwenye mteremko wa Isamilo, Mwanza, ambako mipaka hukunjwa kukwepa mawe. Pembe zake za ndani, kwa mpangilio, tuseme ni 80, 110, 95, 240, 75 na 120. Ile ya 240 ndiyo penye jiwe: mpaka umebonyea ndani. Tembea juu ya mpaka huku kiwanja kikiwa mkono wako wa kushoto. Kati ya bikoni na bikoni unakwenda moja kwa moja, hata kama ni mita 5 au 50, na uso wako haubadiliki unakotazama. Unabadilika kwenye bikoni tu. Kwenye ya kwanza, kama usingegeuka ungeendelea mbele. Badala yake unageuka kushoto kwa 180 kutoa 80, yaani nyuzi 100. Zinazofuata ni 70, halafu 85.

Penye jiwe mambo yanageuka, kwa sababu 180 kutoa 240 ni hasi 60. Unageuka kulia, na unachogeuka kulia kinafuta sehemu ya ulichogeuka kushoto. Ukisahau alama hiyo ya hasi utapata 480 na kudhani kanuni imevunjika. Malizia na 105 na 60: jumla 360. Umerudi bikoni ya kwanza ukitazama kulekule ulikoanza, na mwili wako umefanya mzunguko mmoja kamili. Ukiongeza bikoni ya saba, mzunguko huohuo unagawanywa kwa vituo saba.

Za ndani zinapanda kwa sababu hiyohiyo. Kila kona, ya ndani na ya nje pamoja ni 180, hivyo jumla ya za ndani ni 180 mara idadi ya kona, kutoa 360. Poligoni ya pande 100 zilizo sawa, na pembe sawa, ina 17,640 kwa ndani: kila kona ni 176.4, na unageuka nyuzi 3.6 tu. Kwa macho karibu ni duara.

Kurudi ulikotazama kunathibitisha tu kwamba umegeuka mizunguko kamili. Hakusemi ni mingapi. Chora nyota ya ncha tano bila kuinua kalamu: kila ncha unageuka 144, jumla 720, mizunguko miwili. Sharti ni mpaka usijikate. Hilo linaonekana wazi kwa macho, lakini kulithibitisha kwa mistari iliyopinda kulihitaji kazi, na uthibitisho unaojulikana zaidi ni wa mwanahisabati Heinz Hopf, wa mwaka 1935.

Sharti lingine ni uwanda bapa. Kwenye kiwanja mviringo wa dunia hauonekani, ila ukizungushia Ziwa Victoria lote poligoni yenye eneo kama la ziwa lenyewe, karibu kilomita za mraba 68,800, pembe za ndani zitazidi kanuni kwa karibu sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na za nje zitapungukiwa 360 kwa kiasi hichohicho. Ni kama dakika 6 za pembe, tofauti ambayo theodolaiti ya kawaida inaisoma bila shida.