Ovachaji: betri haikufurika, ilikaa imejaa

Risiti ya fundi mmoja wa katikati ya jiji ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mpwa wangu wa mtaa wa Umoja alikuwa amempelekea laptopu yake ya gemu, kwa sababu ilikuwa haimalizi hata saa moja bila stima. Kwenye nafasi ya "tatizo" fundi akaandika neno moja tu: ovachaji. Wiki hiyohiyo, ndani ya matatu, nikamsikia mama akimwonya mwanawe asiache chaja ukutani usiku, "itaovachaji." Nikaona basi, imetosha.

Kuovachaji ni kuendelea kusukuma umeme ndani ya seli baada ya seli kufika volti ya juu kabisa iliyoundwa kuivumilia. Kwa seli nyingi za lithiamu mpaka huo ni volti 4.2, na chache huundwa zifike juu yake kidogo. Ukiuvuka, lithiamu huanza kuganda ikawa metali tupu upande hasi, upande chanya huanza kuvunjika na kuachia oksijeni, na seli yaweza kuwaka moto. Hiyo ndiyo maana yake, na ni ajali. Ndani ya pakiti ya betri kuna saketi ndogo yenye kazi ya kuizuia. Betri inapokaribia kujaa, umeme unaoingia hupunguzwa hadi ukawa mdogo sana, kisha hukatwa. Kuanzia hapo laptopu inakula kutoka kwa adapta, nayo betri imekaa tu. Laptopu nzima isiyo na hitilafu haiovachaji kwa kuachwa kwenye soketi, hata ukicheza kutoka Ijumaa jioni hadi Jumapili.

Nadhani kosa limeanzia kwenye neno lenyewe. "Chaji" tumelipokea kutoka Kiingereza, nao Waingereza wakalipata kwa Wafaransa, na mzizi wake wa Kilatini ulihusu kupakia mkokoteni. Kwa hiyo tangu mwanzo ni neno la mzigo. Hata "betri" si neno la kemia: Benjamin Franklin, katika miaka ya 1740, alipanga mitungi ya kioo iliyohifadhi umeme na kuiita kwa jina la safu ya mizinga ya vita. Sisi tukaongeza letu. Tunasema betri *imejaa*, na mtu wa Nairobi akisikia kujaa anaona mtungi wa lita 20 chini ya mfereji siku ya mgao wa maji. Mtungi ukijaa na mfereji haujafungwa, maji yanamwagika. Ndiyo maana ovachaji inaingia akilini kirahisi: chaja bado imechomekwa, lazima kuna kitu kinafurika.

Picha hiyo inadanganya mara mbili. Kwanza, mfereji huu unajifunga wenyewe. Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi, mtungi uliojaa hauumii kwa kukaa umejaa. Betri inaumia. Afadhali ufikirie mpira wa manati. Ukiuvuta hadi mwisho ukauachia, hauna neno. Ukiuvuta hadi mwisho ukaufunga hivyo kwenye msumari, juani, mwaka mzima, hautakatika, lakini siku ukiufungua hautarudi kama zamani. Hakuna aliyeuvuta kupita kiasi. Uliachwa umevutwa tu.

Seli iliyojaa iko hivyo. Kwenye volti 4.2 kimiminika kilicho ndani yake hushambuliwa polepole upande chanya, na upande hasi utando unaomeza lithiamu huzidi kunenepa. Lithiamu iliyomezwa hairudi. Yote haya hutokea betri ikiwa haifanyi kazi yoyote, na joto huyaharakisha. Kuna takwimu zinazonukuliwa sana kuhusu betri za aina hii: ukiihifadhi mwaka mmoja kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa imejaa, itabaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, lakini ukiihifadhi ikiwa na chaji ya asilimia 40, itabaki na 96. Pandisha joto hadi nyuzi 40, na iliyojaa inabaki na kama 65, ile ya asilimia 40 inabaki na kama 85. Sasa fikiria laptopu ya gemu: betri iko chini ya viganja vyako, sentimita chache kutoka kwa prosesa na kadi ya grafiki zinazochezea nyuzi 80 hadi 90. Hiyo nyuzi 40 si mbali.

Turudi kwa mpwa. Nilimwambia afungue dirisha la amri kwenye Windows aandike hivi:

```
powercfg /batteryreport
```

Inatoka faili unayoifungua kwa kivinjari. Palikuwa na mistari mitatu ya maana. `DESIGN CAPACITY` ilisema 90,000 mWh, yaani uwezo wa kiwandani. `FULL CHARGE CAPACITY` ilisema 64,300. Ukigawanya unapata asilimia 71. Lakini mstari uliomaliza ubishi ulikuwa `CYCLE COUNT`: 38. Kwa miaka miwili na nusu betri hiyo ilikuwa imetumika na kujazwa upya sawa na mara 38 tu, wakati betri za laptopu kwa kawaida hutegemewa kuhimili mamia ya mizunguko. Haikuchoshwa na kazi. Ilikaa imejaa, kwenye joto, kila jioni. (Laptopu nyingine huacha mstari huo wa mizunguko mtupu au kuonyesha sifuri. Hapo utabaki na ile hesabu ya kugawanya tu.)

"Basi mjomba, niwe nachomoa ikifika mia?" akaniuliza. Hilo ndilo dhara la jina baya: linaleta dawa mbaya. Ukichomoa na kuendelea na gemu, betri inalazimika kutoa umeme mwingi kwa ghafla, inapata joto kutoka ndani, inaisha kwa kama saa moja, na hiyo saa gemu lenyewe linasuasua kwa sababu laptopu inajipunguzia nguvu. Halafu unaijaza tena. Umeacha uzee wa kukaa ukanunua uzee wa kazi, kila siku.

Dawa ni kutouvuta mpira hadi mwisho: chaja ibaki imechomekwa, ila betri izuiwe kupita asilimia 80, au 60 kama laptopu haitoki nyumbani. Kikomo hicho huwekwa kwenye programu ya mtengenezaji. Kwenye Lenovo Vantage kinaitwa `Conservation Mode`, kwenye MyASUS kipo chini ya `Battery Care Mode`, kwenye MSI Center utaona `Best for Battery`. Kwenye Linux, kama mashine yako inakubali, ni mstari mmoja:

```
echo 60 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold
```

Mashine nyingine huiita `BAT1`, na baadhi husahau kikomo hicho zikizimwa, kwa hiyo hakikisha baada ya kuwasha. Ukiona asilimia imekwama kwenye 60 na chaja imechomekwa, usikimbilie kwa fundi. Inafanya ulichoiambia. Na kwa sisi ambao stima hupotea bila hodi, 60 zinatosha kabisa kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu. Mara moja kila miezi miwili au mitatu iache ijae na ishuke, ili kipimo cha asilimia kisianze kubahatisha.

Kikomo hakiondoi joto, ingawa. Nairobi ina baridi nzuri ya asubuhi, lakini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Feni inazunguka vilevile ila inasukuma hewa kidogo. Inua nyuma ya laptopu kwa sentimita mbili tatu, hata vifuniko viwili vya chupa vinatosha, na usiiweke kitandani kamwe. Kisha punguza kazi isiyo na faida: kama kioo chako ni cha fremu 144 na gemu lako ni la mpira, lifungie kwenye fremu 60, utasikia feni zikishuka. Kwenye mipango ya nishati ya Windows kuna `Maximum processor state`. Ukiishusha kutoka 100 hadi 99, prosesa kwa kawaida huacha kujipandisha kasi na nyuzi kadhaa zinaondoka. Kwa magemu yanayotegemea kadi ya grafiki hutaona tofauti kubwa. Kwa yale yanayoitegemea prosesa utaiona, basi rudisha 100 ukae na fremu zilizofungwa.

Kuna jambo moja ambalo kikomo hakiwezi kulitibu, nalo ni adapta ndogo. Mpwa alikuwa na adapta ya pili, ya wati 100, aliyoinunua madukani Barabara ya Luthuli kwa sababu ile ya awali ya wati 230 ni nzito kama tofali. Gemu likipamba moto laptopu inataka zaidi ya wati 100, na kinachopungua kinachotwa kwenye betri. Utajua kwa kuangalia: asilimia inashuka ukiwa umechomeka. Hapo betri inatoa na kujazwa, inatoa na kujazwa, na mizunguko inapanda ukidhani imepumzika. Adapta ndogo ni ya kuandikia kazi za shule. Kwa gemu, beba tofali.

Kama kibao cha kugusa kimeanza kuwa kigumu kubonyeza, au laptopu inayumba ikiwa juu ya meza tambarare, betri imevimba kwa gesi. Acha kuitumia, usiibonyeze irudi, usiitoboe, ipeleke ikabadilishwe. Kikomo cha chaji hakimsaidii aliyekwisha kuvimba.

Ya mpwa haijavimba. Asilimia 29 zilizokwenda hazirudi, lakini 71 zilizobaki zitazeeka polepole zaidi, na betri mpya inaweza kusubiri. Kuhusu risiti, fundi, sina ugomvi nawe, kazi yako ya kubadilisha pasta ya prosesa na kufuta vumbi ilikuwa safi. Ila ungeandika tu "imekaa imejaa kwenye joto." Nafasi kwenye mstari ilikuwepo, na kijana asingewaza kuchomoa chaja.