Kufaulu faundesheni ni jambo moja, kuvuka ni jingine

Nimekosa sifa za kujiunga na shahada kwa alama chache tu. Je, kozi ya faundesheni itanifikishaje huko?

Inategemea ulichokosa. Kama pointi zako za jumla zinatosha ila somo moja la lazima limekuangusha, mara nyingi dawa yake ni kozi fupi ya kuziba pengo: wiki au miezi michache ya somo hilo tu, kisha mtihani. Kama jumla yenyewe haifiki, ndipo faundesheni inapoingia. Hiyo huchukua kama mwaka mzima, na ndani yake kuna masomo ya fani unayoitaka pamoja na uandishi wa kitaaluma.

Wengi hukwama mahali ambapo hawakupatazamia. Faundesheni huwa na alama mbili tofauti: ya kufaulu na ya kuvuka. Chukua mfano wa binti anayetaka uhandisi. Kanuni za kozi yake zinasema kufaulu ni 40, lakini kuingia shahada ya uhandisi kunataka wastani wa 60, na hisabati isipungue 65. Mwisho wa mwaka ana wastani wa 66, hisabati 58. Cheti anapewa, tena kizuri, ila mlango wa uhandisi haufunguki. Huenda akapewa nafasi kwenye shahada nyingine isiyobana hisabati kiasi hicho.

Si roho mbaya ya chuo. Mhandisi wa mwaka wa kwanza huanza na kalkulasi karibu wiki ileile ya kufungua, na mwenye hisabati ya kubahatisha huzama mapema.

Basi si arudie mtihani? Hapo kuna mtego. Vyuo vingi huruhusu kurudia kwa aliyefeli tu, na hata huyo alama yake hukomea kiwango cha kufaulu. Yaani akipata 80 kwenye marudio, itaandikwa 40. Kwa hiyo hisabati hiyo huokolewa katikati ya mwaka, kwenye majaribio na kazi za darasani. Ukiona unazunguka kwenye hamsini hadi muhula wa pili, usingoje matokeo.

Kabla ya kulipa ada, uliza pia kama faundesheni imeunganishwa na shahada. Iliyounganishwa hukusajili kwenye shahada tangu mwanzo. Ukifikisha masharti unaendelea bila kuomba upya, na shahada ya miaka mitatu inakuwa minne. Inayojitegemea hukupa cheti, halafu unarudi kwenye foleni ya udahili kama wengine. Cheti hicho kinaweza kuheshimika kwenye chuo kilichokitoa na kukataliwa cha jirani, kwa sababu kukubalika kwake hutegemea makubaliano ya vyuo au idhini ya mamlaka ya elimu ya juu. Hilo litake kwa maandishi kutoka chuo unachokwenda. Anayekuuzia kozi ana sababu zake za kukuambia ndiyo.

Alama za faundesheni kwa kawaida hazihesabiwi kwenye daraja la shahada. Ukishavuka, unaanza na sifuri sawa na wenzako walioingia moja kwa moja.