Barua pepe ya kwanza kwa mtafiti mwandamizi: yanayodhaniwa na yalivyo

Kila mwaka vijana wa Mtwara na Lindi waliomaliza vyuo vya kilimo, sayansi au ualimu hupata wazo la kumwandikia mtafiti aliyebobea ili awalee kitaaluma. Wengine humlenga mtu wa kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambako korosho, ufuta na karanga vimefanyiwa kazi kwa miongo mingi. Wengine humlenga mhadhiri wa Dar es Salaam au wa ng'ambo. Wazo huwa zuri, lakini barua yenyewe mara nyingi huharibiwa na mambo ambayo mwandishi aliyachukulia kuwa ni adabu. Nitayajadili hayo kwa kufuata mfano mmoja: binti mwenye shahada ya kilimo, anayesaidia shamba la mikorosho la familia wilayani Newala, na anayetaka kumwandikia mtafiti wa wadudu wa mikorosho ambaye hajawahi kukutana naye.

Dhana: Barua ndefu na ya kiofisi ndiyo yenye heshima.

Mazoea haya yametoka kwenye barua za maombi tulizofundishwa shuleni. Mwandishi huanza na "Yah:", akaendelea na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", akasimulia alikozaliwa, alikosoma na ndoto zake, na ombi lenyewe likatokea katika aya ya tano. Muundo huo una kazi yake katika ofisi yenye masijala, ambako barua hupewa namba na kuwekwa kwenye jalada. Mtafiti, hata hivyo, huisoma barua pepe kwenye simu, pengine akiwa shambani, na kioo cha simu humwonyesha mistari michache tu kabla hajaamua kama ataendelea au ataiacha hadi jioni. Barua inayoachwa hadi jioni huzikwa na nyingine.

Heshima hukaa mahali pengine. Inakaa kwenye cheo sahihi, kwa kuwa Dkt. akiitwa Profesa, au Profesa akiitwa Bwana, anajua mara moja kwamba mwandishi hakutafuta. ("Mheshimiwa" waachiwe wabunge na madiwani.) Inakaa pia kwenye shikamoo moja iliyowekwa mwanzoni ikiwa mwandikiwa ni Mtanzania mkubwa kwa umri, bila kufuatiwa na aya nzima ya kumtakia afya njema yeye na familia yake. Zaidi ya yote, inakaa kwenye ufupi: maneno 120 hadi 150 yanatosha kwa barua ya kwanza, na yakizidi 200 kuna jambo lisilohitajika humo.

Dhana: Unapaswa kusema waziwazi, "Naomba uwe mlezi wangu."

Hapa ndipo barua nyingi zinapokwama. Kwa mwandishi sentensi hiyo ni ya unyenyekevu, lakini kwa mpokeaji ni ahadi isiyo na mipaka. Hajui kama anaombwa saa moja au miaka mitatu, kama atasomeshwa rasimu, kama ataombwa barua za kumtambulisha mtu asiyemjua, au kama nyuma yake kuna ombi la ada. Mtu mwangalifu akipewa ombi asiloweza kulipima hukataa au hunyamaza, na kunyamaza ndiko rahisi zaidi. Ulezi wa kitaaluma kwa kawaida huota baada ya mambo madogo mawili au matatu kwenda vizuri, kwa hiyo barua ya kwanza iombe jambo dogo la kwanza tu.

Jambo hilo lazima litoke kwenye kazi ya mtafiti mwenyewe na likutane na kitu ambacho mwandishi tayari amekifanya kwa mikono yake. Binti wetu amesoma makala ya mtafiti huyo kuhusu maji moto, wale wadudu wanaoshona majani kuwa viota na ambao huwinda mbu wa mikorosho anayefyonza machipukizi machanga hadi yakapata madoa meusi na kukauka. Alikuwa ameanza kuhesabu viota katika miti kadhaa, akakuta jambo linalomtatiza: baadhi ya miti yenye viota vingi imeshambuliwa sawa na ile isiyo na kiota hata kimoja. Tatizo hilo lina maana kwa mtaalamu, maana kiota kinaweza kuwa kimehamwa na bado kikaonekana mtini, na ndiyo sababu wapo wanaopima nguvu ya kundi kwa kuangalia ni matawi makuu mangapi yana njia za maji moto wanaopita. Swali la namna hii humwonyesha mtafiti, bila majigambo, kwamba mwandishi amekwisha kuingia shambani na kalamu.

Linganisha na sentensi kama "Navutiwa sana na utafiti wako na ningependa kujifunza mengi kutoka kwako." Sentensi hiyo inaweza kutumwa kwa mtafiti wa korosho, wa samaki wa Ghuba ya Mnazi, au wa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, bila kubadilisha neno. Hicho ndicho kipimo: ukiweza kufuta jina la mpokeaji, ukaandika la mtu wa fani nyingine na barua ikaendelea kuleta maana, bado hujaandika barua.

Dhana: Ukimpa nafasi ya kukataa, atakataa.

Woga huu unaeleweka, lakini hauangalii upande wa pili. Mtafiti asiyeona namna nyepesi ya kusema hapana hujikuta akidaiwa maelezo, na kwa desturi zetu kumkatalia kijana aliyekuja kwa adabu ni jambo zito. Hivyo huahirisha jibu, kisha huona haya kulitoa likiwa limechelewa, na mwisho hajibu kabisa. Njia ya kutokea ikiwa wazi, hata anayetaka kusema ndiyo husema haraka, kwa sababu anajua hatanaswa.

Ila njia hiyo iwe ya kweli. "Najua una majukumu mengi, lakini nakusihi usiniangushe, wewe ndiye tumaini langu pekee" inafanana na upole huku ikifunga mlango kwa komeo. Njia ya kweli ina sehemu mbili. Kwanza, inamwambia mpokeaji kwamba neno moja linatosha na sababu haihitajiki. Pili, na hili husahauliwa, inaonyesha kwamba kazi ya mwandishi itaendelea hata akikataliwa, ili anayekataa asibebe lawama ya kuivunja. Wapo wanaoongeza, "Kama huwezi, nielekeze kwa mwingine." Mimi naliona hilo kuwa kazi ya pili iliyojificha ndani ya ruhusa ya kukataa, kwa kuwa sasa mtu anayekataa lazima afikirie jina la mwenzake na kumtwisha mzigo, ni bora lisubiri hadi yeye mwenyewe alitaje.

Barua ya binti wetu inaweza kusomeka hivi:

> Kichwa: Kuhesabu viota au matawi: swali moja kuhusu maji moto, Newala
>
> Dkt. (jina), shikamoo.
>
> Nina shahada ya kilimo na ninasaidia shamba la mikorosho la familia wilayani Newala. Baada ya kusoma makala yako kuhusu maji moto na mbu wa mikorosho, nilianza kuhesabu viota kila wiki katika miti 20. Miti mitatu yenye viota vingi ina machipukizi yaliyokauka sawa na miti isiyo na kiota, na sioni maji moto wakipita kwenye matawi yake.
>
> Ningeomba dakika 20 za simu mwezi Novemba, siku utakayochagua, ili nikuulize kama niache viota na nihesabu matawi yenye njia za maji moto. Sentensi moja kwa barua pepe pia itanitosha.
>
> Kama nafasi haipo, "hapana" inatosha bila maelezo, na usipojibu nitaelewa hivyo. Kwa sasa ninaendelea kuhesabu vyote viwili.
>
> (Jina, kijiji, namba ya simu)

Mpokeaji ana majibu matatu mbele yake, na yote anaweza kuyaandika kwa kidole gumba akiwa amesimama chini ya mti. Sentensi ya mwisho kabla ya jina ndiyo inayobeba uzito kuliko inavyoonekana: anaendelea kuhesabu vyote viwili, kwa hiyo hakuna kilichosimama kumsubiri mtu. Novemba pia haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mikorosho ya kusini huchanua kati ya Juni na Septemba, na huo ndio wakati wa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, wa kupulizia salfa ya kuuzuia na wa safari za mashambani; wiki ya kwanza ya Agosti watafiti wengi wa ukanda huu huwa kwenye maonyesho ya Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Anayeomba simu "wiki hii" katika miezi hiyo anaomba kukataliwa.

Dhana: Ambatisha kila kitu ili akufahamu.

Vyeti, wasifu na tasnifu ya kurasa 80 havina kazi katika barua ya kwanza. Kiambatisho kutoka kwa mtu asiyejulikana huleta hofu ya virusi, na hata kikiwa salama kinaongeza kazi ya kusoma. Akivihitaji ataviomba.

Dhana: Asipojibu, mkumbushe hadi ajibu, au mpitie mjomba anayemfahamu.

Ukiandika kwamba kutokujibu kutakuwa jibu, umeahidi, na ahadi hiyo inakuzuia kukumbusha. Ukiona utahitaji kukumbusha, badilisha sentensi hiyo tangu mwanzo, useme utaandika mara moja tu baada ya wiki tatu kisha hutamsumbua tena. Zote mbili ni za haki, ila huwezi kutumia ya kwanza halafu ukatenda ya pili. Kumpitia ndugu au mkuu wake wa kazi kunaiondoa ile nafasi ya kukataa uliyompa, kwa sababu sasa akikataa anamkatalia mwingine pia.

Majibu yanayokuja nayo husomeka. "Asante, karibu sana ofisini" bila siku wala saa mara nyingi huonyesha kwamba ombi halikueleweka, au ni hapana iliyovishwa ukarimu; jibu kwa kupendekeza siku moja, na likipita kimya, liache. "Tuma wasifu wako" humaanisha aliona ombi la ajira ambalo hukukusudia, kwa hiyo rudia swali lako katika mistari miwili. Na ikija hapana ya wazi, inajibiwa siku hiyo hiyo, bila swali jipya na bila kuomba afikirie tena: "Asante kwa kunijibu, Dkt. Nimekuelewa. Nakutakia msimu mwema."