Saa aliyokamatwa: msaidizi wa kisheria anaweza kufanya nini kituoni na mahakamani

Ndugu yako akikamatwa, mtu wa kwanza anayekuja kukusaidia mara nyingi si wakili bali ni msaidizi wa kisheria wa kata au kijiji chenu. Tanzania Bara inamtambua kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017: amepata mafunzo, amesajiliwa, na huduma yake ni bure. Anaelimisha, anamwelekeza mtu kwenye chombo sahihi, anamsaidia kufuatilia nyaraka anazohitaji, na anawashauri wanaogombana wapatane pale inapofaa. Si wakili, na hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu.

Watu wengi wakisikia hilo la mwisho hukata tamaa. Wanakosea, kwa sababu kuna jambo moja ambalo yeye, kwa kuwa yuko karibu, hulifanya vizuri kuliko wakili atakayefika siku tatu baadaye. Jambo hilo ni kuandika muda.

Chukua mfano huu. Dereva wa bodaboda anakamatwa na polisi kijiweni Ijumaa saa 10:40 jioni, akituhumiwa kuiba pikipiki. Anafikishwa kituoni saa 11:10. Ndugu wanakwenda usiku kumuulizia, wanaambiwa warudi kesho. Jumamosi saa 3 asubuhi mpelelezi anamtoa mahabusu na kuandika maelezo yake ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa anayoyatoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, na ndani ya maelezo hayo kijana anakiri.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, kuanzia alipokamatwa. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Kwa kijana wetu, saa nne hizo zinaanza kuhesabiwa saa 11:10 jioni na kuisha saa 3:10 usiku. Muda unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu, usizidi saa nane, yaani hadi saa 11:10 alfajiri. Maelezo ya saa 3 asubuhi yako nje hata ya nyongeza hiyo, na mahakama inaweza kuyakataa. Lakini haiyakatai yenyewe tu. Lazima mtu apinge yasipokelewe, na awe na kitu cha kuonyesha kwamba mtuhumiwa alikamatwa saa 10:40 jioni ya Ijumaa. Kumbukumbu za kituo wakati mwingine huonyesha saa aliyoingizwa mahabusu, ambayo inaweza kuwa usiku sana. Hapo ndipo daftari la msaidizi wa kisheria linapokuwa na thamani: saa ya kukamatwa, mahali, nani walishuhudia na namba zao za simu, saa ya kufika kituoni, jina la mpelelezi. Yaandikwe siku ileile. Baada ya wiki mbili mashahidi watakuwa wanabishana kama ilikuwa alasiri au magharibi.

Kituoni aanzie mapokezi, aonyeshe kitambulisho chake na kueleza amekuja kwa ajili ya nani, kisha aombe kumwona mkuu wa kituo. Sheria ya 2017 inawataka wakuu wa vituo vya polisi na magereza washirikiane na watoa msaada wa kisheria ili walio mahabusu wafikiwe. Akiruhusiwa kumwona mtuhumiwa, maswali yake yawe machache: umeambiwa umekamatwa kwa kosa gani, umeshahojiwa, umesaini chochote, umeumizwa, una miaka mingapi? Swali la umri lisirukwe. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na mzazi au mlezi pamoja na ofisa ustawi wa jamii wanapaswa kuitwa mara moja.

Amweleze pia haki zake kabla ya kuhojiwa, kwa maneno mepesi. Halazimiki kujibu maswali ya tuhuma. Anaweza kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yakishaandikwa ana haki ya kuyasoma au kusomewa, na kusahihisha kabla ya kusaini. Zaidi ya hapo msaidizi wa kisheria asiende. Asimfundishe mtuhumiwa aseme nini, asiwatafute mashahidi wa upande wa pili, wala asimwamuru mpelelezi. Akifanya hivyo anajiingiza mwenyewe kwenye kesi, na safari ijayo hatapokelewa kituoni hapo.

Kuhusu saa 24, kuna uelewa usio sahihi unaowaponza wengi. Sheria haisemi kwamba saa 24 zikipita mlango wa mahabusu unafunguka. Inasema kwamba kwa makosa yasiyo na adhabu ya kifo, ikiwa haiwezekani kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana ni zito. Na anayebaki ndani apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo "mahakama imefungwa mpaka Jumatatu" ni sababu ya kuomba dhamana ya polisi, wala si jibu la kumaliza mazungumzo. Ombi hilo apelekewe mkuu wa kituo kwa heshima, na akikataa, ndugu wapande kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Ikishindikana, hilo sasa ni la wakili.

Ndugu waje wakiwa na mdhamini mwenye makazi yanayojulikana, kitambulisho chake, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Dhamana ya polisi haina malipo. Msaidizi wa kisheria asishike pesa za mtu yeyote kituoni, hata za "chai" au mafuta ya gari, na kwa maoni yetu asiwe mdhamini yeye mwenyewe. Mtuhumiwa akitoroka, msaidizi atageuka sehemu ya kesi.

Mahakamani msaidizi wa kisheria anakaa na wasikilizaji wengine. Kabla ya kesi kuitwa anaweza kumweleza mshtakiwa nini kitatokea: atasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Mtu asiseme "ni kweli" ili tu yaishe haraka. Jibu hilo linaweza kumtia hatiani siku hiyohiyo. Mshtakiwa asiye na wakili anaweza kupinga maelezo ya onyo kwa mdomo wake, wakati upande wa mashtaka unapoomba yapokelewe: "Napinga, yamechukuliwa nje ya muda." Akingoja mpaka siku ya kujitetea, amechelewa.

Katika Mahakama ya Mwanzo, kwa kesi za madai, hakimu anaweza kumruhusu ndugu au mtu wa kaya ya mdaawa, yaani mwenye kesi, asimame badala yake akiombwa. Msaidizi wa kisheria haingii kwa mlango huo kwa sababu ya kazi yake. Kwa mfano, mwenye kesi akiwa bibi anayeumwa, anachofaa kufanya ni kumtafuta binti au mpwa wake na kumwandaa.

Kosa la mwisho hutokea baada ya hukumu. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi. Watu huketi wakisubiri nakala ya hukumu, wakidhani hesabu itaanza siku wakiipokea. Hukumu ikitoka tarehe 3 Juni, msaidizi wa kisheria aandike siku hiyohiyo "mwisho 3 Julai", amkabidhi mhusika karatasi hiyo, na amwelekeze kwa wakili wa msaada wa kisheria kabla wiki mbili hazijapita. Akijitokeza mtu anayejiita msaidizi wa kisheria na kudai malipo ili aandike hati ya rufaa, anavunja sheria. Aripotiwe kwa msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria wilayani.