Mkato wa chaza, maumivu ya ajabu: dhana potofu kuhusu maambukizi yanayoua nyama

Visiwani Lamu kukatwa na chaza ni jambo la kila wiki, na karibu vidonda vyote hivyo hupona vyenyewe. Hapa nazungumzia kile kimoja cha nadra ambacho vidudu vyake hupenya chini ya ngozi na kuua mafuta na utando unaofunika misuli. Kwa kuwa ni nadra, hata muuguzi wa miaka mingi anaweza kukiona mara ya kwanza na asikitambue. Nitamfuata mgonjwa mmoja, niliyemuunda kutokana na wagonjwa wa aina hii: mvuvi wa Kizingitini, umri miaka 41, ana kisukari ambacho hukipima anapokumbuka.

Dhana: Kidonda ni kidogo na ngozi ni nzima, kwa hiyo si kitu

Alikatwa Jumatano alfajiri akisukuma mashua kutoka kwenye mikoko. Mkato wenyewe ulikuwa na urefu wa ukucha, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Akausuuza kwa maji ya bahari, akaenda zake kuvua. Alhamisi baada ya magharibi mguu ukaanza kumuuma, tena si pale penye mkato bali juu yake, kwenye kigimbi. Ilipofika saa tano usiku hakuweza kustahimili hata shuka imguse. Mkewe akamulika kwa simu: mkato umefunga, ngozi haina kitu, uvimbe mdogo tu. Mamake akamwambia, "Mwanangu, jikaze. Ni chaza tu huyo."

Mama alisema kulingana na alichokiona, na kwa kweli hapakuwa na cha kuonekana. Kati ya ngozi na misuli kuna tabaka la mafuta, na chini yake utando mweupe mgumu, kama ule unaouchuna kwenye paja la mbuzi kabla ya kukata nyama. Vidudu vikifika hapo hupata njia nyepesi, hutambaa juu ya utando huku vikitoa sumu. Mishipa midogo ya damu inayopanda kulisha ngozi hupita kwenye tabaka hilohilo, na damu ndani yake huganda. Nyama ya chini hukosa damu na kuanza kufa. Ngozi huwa ya mwisho kupata habari. Ndiyo maana katika saa za mwanzo mgonjwa analia na wewe huoni anacholilia.

Kwa hiyo dalili ya kwanza si sura ya kidonda, ni maumivu yasiyolingana nacho. Kuna namna ya kuyapima hata nyumbani. Weka kidole mbali na mkato, upana wa kiganja kupita mahali uvimbe unapoishia, ubonyeze polepole kwenye ngozi inayoonekana nzima. Mwenye maambukizi ya kawaida ya ngozi huumia palipo pekundu au palipovimba. Huyu ataruka hata pale pasipo na alama. Halafu mtazame mtu mwenyewe: mvuvi aliyezoea kung'oa miba miguuni mwake anapolia kwa mkato wa ukucha, sioni sababu ya kumwambia ajikaze.

Wekundu unaotajwa kwenye vitabu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Linganisha miguu miwili chini ya mwanga mzuri, uangalie kama ngozi ya mmoja inang'aa, imekaza, imekuwa ngumu isiyobonyea, au inabadilika rangi kuelekea zambarau au kijivu. Malengelenge yenye maji ya rangi ya damu huja baadaye, na yakishatokea muda mwingi umepotea.

Wapo waliosema huenda alikanyaga samaki aitwaye taa bila kujua. Mwiba wa taa nao huuma kupita kiasi, ila mwendo wa maumivu yake ni tofauti. Huanza papo hapo, hufikia kilele ndani ya saa moja au mbili, hutulia mguu ukitiwa kwenye maji ya moto yasiyounguza, kisha hupungua ndani ya siku moja au mbili. Maumivu yanayoanza siku ya pili, kidonda kikiwa kinaelekea kufunga, na yanayopanda kila saa, hayawezi kuwa sumu ya samaki.

Dhana: Maji ya chumvi huua vidudu

Hayaviui vyote. Vidudu vinavyoitwa vibrio huishi katika maji ya bahari yenye joto, hasa pale chumvi inapochanganyika na maji baridi, na baadhi yake husababisha ugonjwa huuhuu. Mwenye ugonjwa wa ini ndiye aliye hatarini zaidi. Mkato uoshwe kwa maji safi ya bomba na sabuni. Na ukifika hospitali sema wazi kwamba ulikatwa baharini, maana daktari ataongeza dawa, kwa mfano doksisaiklini, ambayo huenda asingeiwaza kwa mtu aliyekatwa na jembe.

Dhana: Hana homa, kwa hiyo si hatari

Ijumaa asubuhi alipelekwa zahanati, akachomwa sindano ya daiklofenaki na kupewa vidonge. Dawa ya aina hiyo hushusha homa na kupunguza uvimbe, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Alipofika hospitali joto lake lilikuwa 37.4. Lakini moyo ulikuwa unapiga mara 128 kwa dakika na presha ilikuwa 92 kwa 54. Hizo ndizo namba zilizomshtua daktari.

Jambo moja muuguzi wa zahanati alilifanya vizuri sana: alichora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na kuandika saa pembeni. Mstari ulichorwa saa mbili asubuhi. Saa nne uvimbe ulikuwa umeuvuka kwa upana wa vidole vitatu. Maambukizi ya kawaida hayaendi mbio namna hiyo.

Dhana: Maumivu yakiisha, amepona

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu huja wakati familia imechoka na inatafuta habari njema. Ndani ya boti mgonjwa alisema afadhali, mguu hauumi tena kama usiku. Wenzake wakamshukuru Mungu. Mishipa ya fahamu ya sehemu ile ilikuwa imekufa. Ukimgusa kwa ncha ya kalamu hasikii, na papo hapo uvimbe umezidi, ngozi imebadilika rangi, na wengine huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Nafuu ya kweli huja pamoja na uvimbe kupungua na moyo kutulia. Maumivu yakiondoka peke yake, hali imekuwa mbaya zaidi.

Dhana: Apewe antibiotiki kali kwanza, upasuaji tutaangalia kesho

Antibiotiki husafiri kwa damu. Mahali damu imeganda, dawa haifiki, hata ikiwa ya bei gani. Anapaswa kuanza kuzipata mara moja kwa mshipa, aina zaidi ya moja, mara nyingi pamoja na klindamaisini inayopunguza utengenezaji wa sumu, na dripu za kupandisha presha. Lakini kazi ya dawa hizo ni kulinda sehemu ambazo bado ziko hai. Nyama iliyokufa haina tiba ila kuondolewa.

Aliingia hospitalini saa saba mchana. Eksirei haikuonyesha hewa kwenye nyama, na mmoja wa waliokuwapo akauliza kama si afadhali kungoja skani. Daktari wa upasuaji alikataa, na alikuwa sahihi: hewa huonekana kwa baadhi tu ya wagonjwa, kutokuwepo kwake hakumwondolei mtu ugonjwa. Badala yake alitia ganzi, akapasua sentimita mbili juu ya kigimbi hadi kwenye utando, akaingiza kidole. Nyama hai hutoka damu na hushikana na utando. Hapa damu haikutoka. Kilichotoka ni maji ya kijivu, membamba, yenye harufu, na kidole kikateleza kati ya mafuta na utando bila kuzuiwa na kitu. Usaha haukuwepo hata tone, kwa hiyo wale wanaosema "tungoje liive" wangengoja kitu ambacho hakiji.

Saa kumi alikuwa thieta. Walikata ngozi, mafuta na utando uliokufa, wakifuata ukingo mpaka pale kisu kilipoanza kutoa damu safi kila upande. Mkato uliotokea ulianzia kifundoni ukaishia karibu na goti. Misuli mingi ilikuwa hai, ikaachwa. Kidonda hakikushonwa, kilifunikwa tu, kwa sababu Jumamosi walimrudisha thieta kuangalia tena. Walikuta ukingo mwingine uliokufa, wakauondoa. Kurudi huko ndani ya saa 24 hivi ni sehemu ya matibabu, si dalili kwamba mara ya kwanza walikosea. Ndugu wengi hukasirika hapa kwa kuwa hawakuambiwa mapema.

Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba wanaopasuliwa ndani ya saa 6 tangu kufika hospitali hufa takriban 19 kati ya 100, na wanaopasuliwa baada ya hapo takriban 32. Bila upasuaji karibu hakuna anayepona.

Dhana: Wakianza kukata, watauondoa mguu

Hofu hii ndiyo inayofanya karatasi ya idhini ikae mezani wakati ndugu wanamtafuta ami aliyeko Mombasa kwa simu. Upasuaji wa mwanzo unalenga kilichokufa tu. Mguu hukatwa pale misuli yenyewe imekufa au mgonjwa anazidiwa, na kinachoifikisha misuli hapo aghalabu ni kuchelewa. Mgonjwa mwenye akili timamu anaweza kutia sahihi mwenyewe bila kungoja kikao. Huyu wetu alitia mwenyewe, ami akapata habari akiwa bado njiani. Baada ya wiki kadhaa alibandikwa ngozi iliyotolewa pajani.

Dhana: Kesi kubwa kama hii ipelekwe Mombasa moja kwa moja

Kutoka Kizingitini maji yakiwa yametoka, boti hukwama kwenye mkondo wa Mkanda ikingoja maji yajae. Ukishafika Lamu, Mombasa ni kuvuka hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu, Garseni, Malindi. Ni safari ya saa nyingi, na uvimbe unaovuka vidole vitatu kwa saa mbili hauna subira hiyo. Palipo na daktari anayeweza kufungua na kuondoa nyama iliyokufa, afungue hapohapo. Rufaa kwenda kwenye wodi ya wagonjwa mahututi ifuate baada ya hapo. Pasipo na daktari huyo, antibiotiki na dripu zianze kabla ya boti kung'oa nanga, simu ipigwe mbele ili thieta iandaliwe, na karatasi ya rufaa iandikwe saa maumivu yalipoanza, saa mstari wa kalamu ulipochorwa, na dawa zote alizokwisha kuchomwa, hasa daiklofenaki.