Vipele vya mtoto mdogo: surua, tetekuwanga, au ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo?

Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Ameamka na vipele usoni na kifuani, mwili wa moto. Bibi yake anasema surua, jirani anasema tetekuwanga. Nimsikilize nani?

Kabla hujaviangalia vipele vyenyewe, kumbuka mtoto alikuwaje siku nne zilizopita. Surua haianzi na vipele. Huanza kama mafua makali: homa inayopanda kila siku, kikohozi, makamasi, macho mekundu yanayotoa machozi na kukimbia mwanga. Mtoto anakuwa mnyonge, hataki kushuka mgongoni. Siku ya tatu au ya nne ndipo vipele vinatoka, navyo vina njia yao: vinaanzia nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele, vinashuka usoni, shingoni, kifuani, na siku mbili tatu baadaye vinafika miguuni. Havina maji ndani. Na vinapotoka, homa haishuki, ndiyo kwanza inapanda.

Tetekuwanga haina utangulizi mrefu hivyo. Kwa watoto wa umri huu, mara nyingi mama anaona kipele ndipo anagundua mtoto anaumwa. Kipele kinaanza kama cha kuumwa na mbu, baada ya saa chache kinajaa maji, kinawasha, kinapasuka, kisha kinafanya kigaga. Kwa kuwa vipya vinaendelea kutoka kwa siku kadhaa, havilingani umri. Mvue mtoto nguo, weka kiganja chako mgongoni mwake, kisha angalia eneo hilo lililofunikwa na kiganja. Ukikuta hapo hapo kipele kikavu, chenye maji na chenye kigaga, jirani yako yuko sahihi. Pekua na nywele, maana tetekuwanga hupenda kutoka hadi utosini, mahali surua haionekani hivyo.

Kwa hiyo kama mwanao juzi alikuwa anakimbizana na kuku, hana kikohozi wala macho mekundu, bibi huenda amekosea. Lakini kama wiki nzima umekuwa ukimfuta makamasi na macho yamevimba, msikilize bibi, na uende kituo cha afya leo.

Wangu vipele viko mikononi na kwenye nyayo tu, na hataki kula. Hiyo nayo ni tetekuwanga?

Hapo sasa fikiria ugonjwa wa tatu, ambao watu wengi hawaujui kwa jina: ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo. Si ule wa ng'ombe. Wa mifugo una kirusi chake.

Nitakueleza mtoto mmoja niliyemhudumia. Wa kiume, mwaka mmoja na miezi minne, kilo 10, anaachwa mchana kwenye kituo cha kulelea watoto. Mama alikuja akiwa na uhakika kabisa kuwa ni tetekuwanga kwa sababu malengelenge aliyaona kwa macho. Nilichoona mimi kwanza ni kifua cha fulana: kililowa udenda. Nikauliza uji, akasema jana usiku alishika kikombe, akanywa funda moja, akalia na kukisukuma. Homa ilikuwapo siku moja, si kali. Nilipofungua mdomo kwa tochi nilikuta vidonda vidogo kwenye ulimi na nyuma kwenye kaakaa. Malengelenge yalikuwa kwenye viganja, nyayo na matakoni, madogo, marefu kidogo kama punje ya mchele, rangi ya kijivu, na hakuwa akijikuna. Mgongoni na tumboni, ambako tetekuwanga hujaa, kulikuwa safi.

Hayo matatu, yaani udenda, viganja na nyayo, na mgongo safi, ndiyo yaliyoniambia. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuua kirusi chake wala hauhitaji antibayotiki. Huisha wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kazi ya mama ni kumnywesha: maji baridi, maziwa baridi, uji uliopoa, kijiko kimoja kimoja. Juisi ya ndimu au machungwa iache, inachoma. Kwa maumivu, parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Huyu wa kilo 10 alihitaji miligramu 150. Chupa yake ilikuwa na miligramu 120 katika kila mililita 5, ikawa mililita 6 na kidogo, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Soma chupa yako, kwa sababu zinatofautiana.

Wiki chache baadaye mama yule alirudi na hofu mpya: kucha za mtoto zinabanduka. Hilo hutokea baada ya ugonjwa huu, haliumi, na kucha mpya huota.

Tahadhari moja: mpox, ile watu wanayoiita ndui ya nyani, nayo hutoka viganjani na kwenye nyayo. Malengelenge yake ni magumu ukiyagusa, na tezi za shingo au kinena huvimba. Kama kuna mtu ameugua nyumbani au jirani, mtoto aonwe na mtaalamu.

Kila nikisoma naambiwa "vipele vyekundu". Mwanangu ni mweusi, wekundu siuoni. Nitumie nini?

Tumia vidole. Kwenye ngozi nyeusi vipele vya surua huonekana kama mabaka meusi zaidi au ya zambarau, na mara nyingine hayaonekani vizuri hata mchana. Lakini pitisha vidole kwenye paji la uso na nyuma ya sikio: utahisi mkwaruzo, kama mtu aliyemwagiwa mchanga laini. Halafu angalia sehemu ambazo wekundu haufichiki, yaani weupe wa macho na ndani ya mdomo. Kwa surua, ndani ya shavu karibu na magego, huweza kuwapo vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Hutangulia vipele kwa siku moja au mbili kisha hupotea, hivyo usipoviona usijihakikishie kuwa si surua. Baada ya wiki hivi ngozi ya surua huwa nyeusi na kupukutika unga laini.

Hapa niseme kosa langu. Miaka ya nyuma nilimpokea mtoto mwenye homa, kikohozi na macho mekundu, bila kipele hata kimoja, nikaandika mafua, nikamrudisha kwenye benchi la kusubiri dawa pamoja na wenzake. Siku mbili baadaye alirudi na vipele nyuma ya masikio. Kirusi cha surua huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na mtoto huambukiza siku nne kabla vipele havijatoka. Tangu hapo, homa, kikohozi na macho mekundu vikija pamoja, naomba kadi ya kliniki kwanza, na mtoto anasubiri nje kwenye hewa.

Alichanjwa akiwa na miezi 9, ila ya miezi 18 hatukurudi. Si ana kinga tayari?

Pengine. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, takribani 85 hupata kinga. Waliobaki ndio dozi ya miezi 18 inawafuata, kwa Tanzania na hata Kenya. Haijapita muda, mpeleke. Chanjo hiyo haizuii tetekuwanga. Ya tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kawaida ya nchi hizi mbili, huuzwa hospitali binafsi.

Nimfungie ndani siku ngapi? Nina mdogo wake wa miezi minne na wifi yangu mjamzito.

Surua: siku nne kamili tangu vipele vilipotoka. Waliokaa naye chumba kimoja na hawajachanjwa wawahishwe kliniki ndani ya saa 72, kwa sababu chanjo ikitolewa mapema inaweza kuzuia. Huyo wa miezi minne bado mdogo kwa chanjo, mjulishe mhudumu kuwa yupo nyumbani.

Tetekuwanga: hadi malengelenge yote yawe vigaga na hakuna kipya, kwa kawaida siku 5 hadi 7. Wifi yako akiwa hajawahi kuugua tetekuwanga, asimkaribie mtoto. Na akiwa ameshakaa naye, aende kwa daktari asisubiri vipele vyake. Wa pili nyumbani huanza kuugua siku 10 hadi 21 baadaye, hivyo usishangae wiki ya tatu.

Mkono, mguu na mdomo: abaki nyumbani wakati ana homa, udenda mwingi na malengelenge yaliyo wazi. Kirusi huendelea kutoka kwenye choo kwa wiki kadhaa, lakini huwezi kumfungia muda wote huo. Nawa mikono kwa sabuni kila unapombadilisha nepi.

Ni wakati gani niache kusubiri asubuhi, nichukue bodaboda usiku huu?

Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea kiasi kwamba ukimwita haamki vizuri. Akihema haraka: mhesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia, pumzi 40 au zaidi kwa aliyetimiza mwaka, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au mbavu zinabonyea akivuta hewa. Saa 6 hadi 8 bila mkojo. Na vipele vya zambarau visivyofifia ukivibonyeza na gilasi. Vipele hivyo si kawaida ya magonjwa haya matatu na havisubiri.

Kwa mwenye vidonda vya mdomo, ongeza kushtukashtuka usingizini na kuyumba anapotembea. Kwa mwenye tetekuwanga, homa iliyokwisha kisha ikarudi, au kipele kimoja kinachovimba, kina joto na kuuma.

Surua yenyewe, hata mtoto akionekana ana nafuu, lazima afike kituoni. Huko atachukuliwa damu kwa uthibitisho na kupewa vitamini A siku mbili mfululizo: yuniti 200,000 kila siku kwa aliyetimiza mwaka, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa aliye chini ya hapo. Inalinda macho na maisha yake.

Tumeambiwa asioge, tumwekee dawa ya majani machoni, na dukani wamenipa aspirini.

Aoge kwa maji vuguvugu, kisha mkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kusugua, na kata kucha zake. Losheni ya kalamini inasaidia kupunguza kuwasha kwa tetekuwanga.

Majani yasiguse macho kabisa. Jicho la surua tayari limejeruhiwa, na wapo waliopofuka kwa dawa ya namna hiyo.

Aspirini irudishe dukani, inaweza kudhuru ini na ubongo wa mtoto mwenye kirusi. Ibuprofeni nayo usimpe mwenye tetekuwanga, kwa sababu imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi. Parasetamoli peke yake inatosha.